Pale Fidla Inaponenepa

Katika Hifadhi ya Yellowstone, jimbo la Wyoming nchini Marekani, kuna chemchemi ya maji moto inayoitwa Old Faithful. Kila baada ya saa moja hivi, pengine zaidi, huyarusha maji yake hewani kimo cha mita 30 hadi 55, kisha hutulia na kuanza kujikusanyia nguvu upya. Waliofika Ziwa Bogoria, Kenya, wameyaona maji ya namna hiyo yakitokota na kuruka kandokando ya ziwa. Old Faithful imepata jina duniani kwa sababu watu wameipima kwa miaka mingi, wakiandika kila mruko ulidumu dakika ngapi na ilibidi wangoje dakika ngapi hadi uliofuata. Sehemu ya vipimo hivyo huja ndani ya R, programu ya takwimu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, kwa jina la `faithful`. Ni safu 272, na kila safu ina namba mbili tu.

Nimeichagua chemchemi hii ili kueleza jambo linalowatatiza wasomaji wengi wa ripoti na makala za utafiti. Data zilezile zinaweza kuchorwa kwa chati ya boksi au kwa chati ya fidla, na kila chati ikatoa habari tofauti. Boksi limezoeleka. Fidla ni ngeni zaidi, inavutia macho, na kwa kuwa ina pahali pembamba na pahali panene, msomaji hudhani ameshaielewa kabla hajajua unene ule umetoka wapi. Unene huo unastahili kuulizwa maswali.

Boksi na namba zake tano

Panga miruko yote 272 kwenye foleni, kuanzia mfupi hadi mrefu. Wa kwanza ulidumu dakika 1.6 na wa mwisho dakika 5.1. Ukitembea hadi robo ya foleni unakuta dakika 2.16, ukifika katikati kabisa unakuta dakika 4, na ukifika robo tatu unakuta dakika 4.45. Boksi zima limejengwa kwa namba hizo tano. Kuta zake zinasimama kwenye 2.16 na 4.45, mstari wa kati unakaa kwenye 4, na masharubu mawili yanatoka, moja hadi 1.6 na jingine hadi 5.1. Kanuni ya kawaida hairuhusu sharubu kwenda mbali zaidi ya mara moja na nusu ya urefu wa boksi. Kipimo kinachovuka hapo huchorwa kama nukta peke yake. Kwa Old Faithful hakuna kilichovuka.

Chati hii ilienezwa na mwanatakwimu John Tukey katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kuchunguza data, ingawa Mary Eleanor Spear alikuwa amechapisha umbo linalokaribiana nalo tangu 1952. Tukey alitaka michoro ambayo mtu angeweza kuichora kwa penseli na karatasi, na boksi linakidhi haja hiyo vizuri sana. Upana wake kwa kawaida hauna maana yoyote. Mchoraji huliacha nene au jembamba apendavyo. Wapo wanaoupa maana. Ukiiambia R `varwidth = TRUE`, kila boksi hupanuka kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, kwa hiyo kundi lenye vipimo mara nne hupata boksi pana mara mbili. Lakini asiyeambiwa hivyo asidhani boksi pana lina watu wengi.

Sasa litazame boksi la Old Faithful. Linaanzia dakika 2 na ushei hadi dakika 4 na nusu, na jicho la binadamu hutua katikati ya umbo, yaani kwenye dakika 3 na kidogo. Msomaji anaondoka akiamini kwamba mruko wa kawaida wa chemchemi hii hudumu dakika 3 au 4. Hebu tuhesabu miruko yenyewe kwa vipande vya nusu dakika. Kuanzia dakika 1.5 hadi kabla ya 2, ipo miruko 51. Kutoka 2 hadi kabla ya 2.5, ipo 41. Halafu idadi inaporomoka: kati ya 2.5 na 3 ni mitano tu, na kati ya 3 na 3.5 ni saba. Baada ya hapo inapanda tena: 30, kisha 73, kisha 61, na minne ya mwisho ikivuka dakika 5. Katika dakika nzima ile kutoka 2.5 hadi 3.5, pale boksi linapoonekana limejaa, mna miruko 12 kati ya 272.

Chemchemi hii ina miruko ya aina mbili, mifupi na mirefu, na jambo hilo lina chanzo chini ya ardhi. Mruko mfupi hautoi maji yote yaliyo kwenye mfereji wake. Yanabaki mengi, tena yakiwa bado moto, kwa hiyo kujaa na kuchemka upya huchukua muda mfupi. Mruko mrefu humaliza akiba, na chemchemi hulazimika kuanza karibu na mwanzo. Askari wa hifadhi hutumia urefu wa mruko uliopita kuwatabiria wageni saa ya mruko ujao. Katika data zetu, baada ya mruko mfupi watu walingoja dakika 54 hivi kwa wastani, na baada ya mrefu dakika 80 hivi. Habari hiyo, ambayo kwa mgeni aliyesimama pale ndiyo yenye faida kuliko zote, boksi limeifunika. Halikusema uongo, namba zake tano ni sahihi. Ila umbo lililojengwa kwa namba tano haliwezi kuonyesha kwamba katikati yake pana bonde.

Fidla inavyotengenezwa

Mwaka 1998 Jerry Hintze na Ray Nelson walipendekeza chati ambayo ingebaki na faida za boksi huku ikionyesha umbo la data. Waliiita kwa jina la fidla, chombo ambacho mpenzi wa taarabu hahitaji kuelezwa, kwa sababu data zenye vilima viwili hutoa mchoro uliobinyika kiunoni kama ubao wa chombo hicho.

Ili kuuelewa upana, fuata namna mchoro unavyojengwa. Chora mstari wa dakika, kutoka 0 hadi 7. Kwa kila mruko, nenda mahali pake kwenye mstari na umwage kikombe cha mchanga. Mchanga hausimami kama nguzo. Unatanda na kufanya kichuguu kidogo, kirefu katikati na kinachopungua pande zote mbili. Mwaga vikombe 272. Palipo na miruko mingi vichuguu vinapandana na kutoa kilima, na palipo na michache panabaki bonde. Mstari unaopita juu ya mchanga wote huo ndio umbo unalolitafuta. Ulaze ubavuni au usimamishe wima, uweke na kivuli chake upande wa pili kama kwenye kioo, na fidla imekamilika.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, pande mbili za fidla ni kitu kimoja kilichorudiwa. Upande wa kushoto hauongezi habari yoyote juu ya ule wa kulia. Umewekwa kwa ajili ya macho tu. Wapo wachoraji wanaoukata upande mmoja na kuweka kundi jingine mahali pake, na si kosa.

Pili, upana wa fidla mahali fulani ni msongamano, haukuhesabu miruko iliyotokea hapo hasa. Kwa data zetu, R ikichora kwa mipangilio yake ya kawaida, msongamano wa juu kabisa unafika 0.48, karibu na dakika 4.4. Namba hiyo haimaanishi miruko 48 wala asilimia 48. Maana yake ni sehemu ya data kwa kila dakika moja ya mstari. Ukikata ukanda mwembamba wa robo dakika mahali hapo, fidla inakuambia kwamba ndani yake mna 0.48 mara 0.25, yaani karibu asilimia 12 ya miruko yote. Kwa hiyo fidla husomwa kwa eneo, ukanda kwa ukanda. Upana wa sehemu moja ukiutenga peke yake unakujulisha tu kwamba hapa data zimebanana kuliko pale.

Na kwa kazi hiyo fidla ya Old Faithful ni nzuri mno. Kilima kimoja kinatokea karibu na dakika 2, kingine kikubwa zaidi karibu na dakika 4 na nusu, na kati yao pana kiuno chembamba. Kile ambacho boksi lilikifunika, hapa mtoto wa shule anakiona.

Mchanga utande kiasi gani?

Kila kichuguu kina upana wake, na mtu au programu lazima iamue upana huo kabla ya kumwaga kikombe cha kwanza. Nitauita dirisha. R, usipoiambia kitu, hufuata kanuni inayohusishwa na mwanatakwimu Bernard Silverman: hutazama data zimetawanyika kiasi gani na ziko ngapi, kisha hutoa namba. Kwa miruko 272 namba hiyo ni dakika 0.33, sawa na sekunde 20. Hakuna aliyeichagua kwa kuijua chemchemi. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo inafaa zaidi data zenye kilima kimoja. Zikiwa na viwili vilivyoachana, mtawanyiko wa jumla huwa mkubwa, na dirisha linalotokana nao huwa pana kuliko inavyopasa. Kwa Old Faithful vilima viko mbali vya kutosha, hivyo kiuno kimesalimika.

Lipanue dirisha sasa hadi dakika 1. Data ni zilezile, hakuna namba iliyoguswa. Mchanga wa kilima cha kushoto unamiminikia bondeni, wa kulia nao unamiminikia bondeni, na kiuno kinatoweka. Fidla inakuwa na tumbo moja lenye kilele karibu na dakika 4, na pale kwenye dakika 3, mahali palipo karibu patupu, upana wake unazidi robo tatu ya upana mkubwa kuliko wote. Mtu akikuonyesha fidla hiyo ataapa kwamba chemchemi ina miruko ya kila urefu.

Ukilibana dirisha hadi dakika 0.05, yaani sekunde 3, unapata kinyume chake. Fidla inaota meno kama msumeno, kila jino likitokana na miruko michache iliyokaribiana kwa bahati. Mtu mwenye shauku anaweza kutangaza aina sita za miruko. Ukweli ni kwamba meno hayo yangekaa kwingine iwapo mpimaji angerudi na kupima miruko mingine 272.

Jaribio linalosaidia ni kuchora fidla mara tatu, kwa dirisha la kawaida, kwa nusu yake na kwa maradufu yake. Katika R unabadilisha namba moja tu, `adjust`, ukiweka 1, kisha 0.5, kisha 2. Kilima kinachobaki mahali pake katika michoro yote mitatu kina haki ya kuzungumziwa. Kinachojitokeza katika mmoja tu na kupotea katika miwili kiachwe.

Miruko sita

Hapa ningependa msomaji atulie nami, kwa sababu kosa hili ndilo ninaloliona baya kuliko mengine, na linachapishwa kila mwaka. Chukua safu sita za kwanza za faili la `faithful`, kwa mpangilio wake. Miruko ilidumu dakika 3.6, 1.8, 3.333, 2.283, 4.533 na 2.883. Tuseme mtafiti alikuwa na hela ya siku moja tu, akapima hiyo sita, akaondoka.

Programu haitakataa. Itakokotoa dirisha, na kwa kuwa vipimo ni vichache itatoa dirisha pana zaidi, dakika 0.52. Itamwaga vikombe sita, na vichuguu vyake vitapandana. Matokeo yake ni fidla nadhifu, laini, yenye tumbo moja, na upana mkubwa kabisa ukiwa karibu na dakika 3.2. Linganisha na data nzima: kati ya dakika 3 na 3.5 ilikuwamo miruko saba kati ya 272. Fidla ya vipimo sita imenenepa zaidi mahali ambapo chemchemi karibu hairuki kabisa.

Ilitokea hivyo kwa bahati. Miruko miwili kati ya ile sita, wa 3.333 na wa 2.883, ilitoka katika lile bonde ambalo kwa jumla lina miruko 12 tu. Bahati ya namna hiyo haimshangazi mtu yeyote anayejua kwamba ameshika namba sita. Tatizo ni kwamba fidla haionekani kama namba sita. Inaonekana laini na kamili, sawasawa na ile iliyotokana na 272, na hakuna mahali kwenye umbo lake ambapo uchache umeandikwa. Boksi la vipimo hivyo sita nalo lingekosea, maana mstari wake wa kati ungeangukia 3.1. Lakini boksi halijidai kujua umbo. Nukta sita zikichorwa peke yake zingemwambia msomaji ukweli wote kwa mara moja: ni sita, zimetapakaa, hakuna zaidi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba fidla iliyojengwa kwa vipimo vichache isichapishwe. Uchache ni nini? Hakuna mpaka wa sheria, ila kundi lenye vipimo vinavyoweza kuhesabika kwa vidole vya mikono na miguu lina nafasi ya kutosha kuonyesha kila kipimo kama nukta, na kwa hali hiyo fidla haina kazi.

Mikia iliyozidi

Mruko mfupi kabisa ulikuwa dakika 1.6 na mrefu kabisa 5.1. Lakini fidla ya R ikiachwa na mikia yake yote inaanzia dakika 0.6 na kuishia 6.1, kwa sababu vichuguu vya pembeni humwaga mchanga nje ya data, umbali wa madirisha matatu kila upande. Programu ya seaborn, inayotumiwa sana na wanaoandika Python, hukata kwenye madirisha mawili na kutumia dirisha la kanuni nyingine kidogo, kwa hiyo huanzia 0.86 na kuishia 5.84. Hakuna mtu aliyewahi kuona katika data hizi mruko wa dakika 0.6, wala wa 6.

Kwa chemchemi hilo ni kosa dogo. Kwa vitu visivyoweza kushuka chini ya sifuri ni kosa la kutia aibu: fidla ya mvua ya mwezi inayoonyesha milimita hasi, au fidla ya mapato ya kaya inayozama chini ya shilingi sifuri. Dawa ya haraka ni kukata mkia. Katika ggplot2 fidla hukatwa yenyewe usipozuia kwa `trim = FALSE`, na katika seaborn unaandika `cut=0`. Lakini kukata hakurudishi mchanga uliomwagika nje. Kama mvua ya miezi mingi iko karibu na sifuri, nusu ya kila kichuguu cha pale ilidondokea upande hasi na ikatupwa, hivyo fidla inakonda kwenye ukingo uleule ambao data zimejazana. Ukiona fidla iliyokatwa kama kwa kisu huku ikianza kukonda kabla ya kufika ukingoni, jiulize kama kukonda huko ni kwa data au ni kwa mchanga uliopotea.

Fidla mbili zikisimama pamoja

Wengi huchora fidla ili kulinganisha makundi, na hapo upana hubadilika maana kwa neno moja la mpangilio. Gawa miruko yetu makundi mawili kwenye dakika 3: mifupi 97, mirefu 175. Chora fidla ya kila kundi, bega kwa bega.

Katika ggplot2, usipogusa kitu, kila fidla hupewa eneo sawa. Miruko mifupi imebanana: 51 kati ya 97, zaidi ya nusu, imo ndani ya nusu dakika moja. Mirefu imetawanyika zaidi, na nusu dakika yake iliyojaa kuliko zote ina 73 kati ya 175, ambayo ni asilimia 42. Kwa kuwa eneo ni sawa, kundi lililobanana lazima linenepe. Kwa hiyo fidla ya miruko 97 inatoka nene kuliko fidla ya miruko 175.

Badilisha mpangilio uwe `scale = "width"` na fidla zote mbili zinapewa unene wa juu uliolingana. Programu ya matplotlib hufanya hivyo bila kuulizwa. Badilisha tena uwe `scale = "count"`, ambapo eneo hufuata idadi, na sasa fidla ya miruko mifupi inakuwa nyembamba kuliko ya mirefu. Data moja, makundi yaleyale, na kundi dogo limekuwa nene zaidi, kisha sawa, kisha jembamba zaidi. Kila mchoro ni halali kwa kanuni yake. Msomaji ambaye hakuambiwa kanuni hana namna ya kujua ni upi kati ya hiyo mitatu ameushika, na akisema kundi nene ndilo kubwa, atakuwa amekisia tu.

Makundi yakiwa mengi, tuseme mikoa 20 au miezi 12 ya miaka kadhaa, na swali likiwa ni lipi liko juu na lipi chini, mimi hurudi kwenye boksi. Mistari ya kati ya maboksi 20 inalinganishwa kwa mtazamo mmoja, wakati fidla 20 zilizobanwa kwenye ukurasa zinageuka michirizi ambayo unene wake hausomeki. Kabla ya hapo, hata hivyo, nachungulia kila kundi kwa nukta, nisije nikafunika bonde jingine kama lile la Yellowstone.

Namba za usiku

Ipo seti nyingine ya data za chemchemi hiyohiyo, inayokuja na kifurushi cha R kiitwacho `MASS`, kwa jina la `geyser`. Ina safu 299, zilizopimwa kuanzia tarehe 1 hadi 15 Agosti 1985, mchana na usiku. Baadhi ya miruko ya usiku haikupimwa kwa dakika na sekunde. Iliandikwa kwa maneno tu, kwamba ulikuwa mfupi, wa kati au mrefu, na baadaye maneno hayo yakageuzwa kuwa namba 2, 3 na 4 kamili.

Chora boksi la data hizo na hutaona kitu. Chora fidla na hutaona kitu vilevile, kwa sababu rundo la miruko iliyoandikwa 4 kamili limetanda kama mchanga mwingine wowote na kuyeyuka ndani ya kilima cha kulia, ambacho sasa kimevutwa kuelekea 4. Upana wa hapo umetokana kwa sehemu na mtu aliyekuwa gizani akikadiria. Weka nukta juu ya fidla, ukizitawanya kidogo kwenda kando zisifunikane, na mistari mikali inajichora yenyewe kwenye 2 na kwenye 4. Mtu yeyote atauliza ni nini kile.

Mistari hii inatosha kwa anayetaka kujaribu mwenyewe:

```
library(ggplot2)
data(geyser, package = "MASS")
ggplot(geyser, aes(x = "", y = duration)) +
  geom_violin() +
  geom_jitter(width = 0.08, height = 0)
```

Na anayechapisha fidla anaweza kuandika chini yake sentensi kama hii: “Miruko 299, dirisha limechaguliwa na kanuni ya kawaida ya R, mikia imekatwa kwenye kipimo kidogo na kikubwa kabisa, fidla moja, kwa hiyo upana haulinganishwi na kundi jingine, nukta zilizopangana kwenye 2, 3 na 4 ni pamoja na makadirio ya usiku.”